Mfuko mmoja wa salfa, miti thelathini: jaribio la kulipiwa kwa mwenye shamba anayesitasita

Kila mwaka, kuanzia Tandahimba na Newala hadi Nachingwea, mpulizaji wa salfa mwenye bloa yake, mashine ya kupuliza vumbi la dawa, hukaa kitako na mwenye mikorosho asiyemwamini, na mazungumzo huishia palepale. Mpulizaji anasema, "Nipe shamba zima, utaona." Mwenye shamba anajibu, "Tutaona mwakani." Wote wametaja kuona, ila hakuna aliyesema kitaonekana nini, siku gani, na kwa shilingi ngapi. Kati ya shamba zima na mwakani kuna njia ya tatu: sehemu ndogo ya shamba, kwa muda unaojulikana, kwa malipo. Ikipangwa ovyo, njia hiyo itawaacha wote wawili na hasara. Makala haya yanaeleza namna ya kuipanga, kwa mfano wa shamba moja.

Chukua mwalimu mstaafu anayeishi Mtwara mjini. Ana mikorosho 280 upande wa Newala, na msimamizi ni mpwa wake. Hupata salfa kupitia chama cha msingi, kisha mpwa hutafuta kijana wa kupuliza. Mpulizaji mpya anataka kazi hiyo, na bei yake kwa shamba zima ni shilingi 800 kwa mti kwa kila mzunguko (bei za makala haya ni za mfano, yako itategemea mafuta, umbali na ukubwa wa miti). Mizunguko mitano kwa miti 280 inafika shilingi 1,120,000. Mwalimu anasikia, anashukuru, anasema atafikiria.

Hapo wengi hukimbilia kupunguza bei, kumbe bei haijawa tatizo bado. Kwanza muulize kazi ya msimu uliopita iliharibikia wapi, kisha unyamaze.

"Shikamoo mwalimu. Msimu uliopita mambo yaliharibikia wapi?"

"Marahaba mwanangu. Salfa niliitoa mimi, mifuko ikaenda shamba. Naambiwa wamepuliza mara tano. Nafika mwezi wa nane, maua yote unga. Sasa hiyo salfa ilikwenda wapi?"

Sikiliza alichosema. Hajauliza kama salfa inazuia ubwiri unga, ugonjwa unaofunika maua kwa poda nyeupe, hilo analijua kuliko wewe. Anachouliza ni kama salfa yake inafika kwenye miti yake. Piga hesabu uone ana haki ya kuuliza. Kipimo kinachofahamika ni gramu 250 kwa mti kwa mzunguko. Miti 280 inahitaji kilo 70 kwa mzunguko mmoja, na kwa mizunguko mitano ni kilo 350, yaani mifuko 14 ya kilo 25. Mpulizaji akitia gramu 150 tu kwa mti, kilo 28 zinabaki pembeni kila mzunguko, zaidi ya mfuko mzima. Kwa macho hutaona tofauti siku hiyo, kwa sababu vumbi ni vumbi. Utaiona baada ya wiki kadhaa, wakati kijana ameshalipwa na mfuko umeshauzwa.

Kwa hiyo jaribio la mwalimu huyu linajibu maswali mawili. La kwanza: je, mfuko unaisha kwa hesabu? La pili: je, mashada ya maua ya upande huu ni safi kuliko ya upande anaopuliza kijana wa siku zote? Ukiongeza la tatu, la nne, jaribio litakuwa refu na hakuna atakayekumbuka lilianzia wapi.

Kabla ya kupanga miti, kuna vishawishi viwili vya kuvikataa.

Cha kwanza ni kupuliza bure. Kinaonekana kama ukarimu, na kwa mtu unayemtaka kinashawishi sana. Lakini miti ya bure utakayoonyeshwa ni ile mibovu ya mpakani, iliyobanwa na pori, ambayo mwenyewe ameshaikatia tamaa. Mpwa hataamka alfajiri kuja kusimamia kitu ambacho hakikumgharimu mtu. Ukija kutaja bei mwezi unaofuata, mazungumzo yanaanzia sifuri, kwa kuwa umeshamwonyesha kwamba unaweza kufanya kazi hiyo bila kulipwa. Mtu aliyetoa hata shilingi 30,000 huja kuangalia pesa yake imefanya nini, na wewe unamtaka aangalie.

Cha pili ni "utanilipa korosho zikiuzwa". Hilo si jaribio, umemkopesha. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho zinapita kwenye stakabadhi ghalani: mzigo unapelekwa chama cha msingi, unakwenda ghala kuu, unasubiri mnada, ndipo pesa inaingia benki kwa mkulima baada ya makato. Wewe umepuliza Julai. Hadi pesa iingie, mvua, wezi wa korosho shambani, daraja na bei ya mnada vyote vimeshaingia kwenye malipo yako, na hakuna hata kimoja ulichokuwa na uwezo nacho.

Sasa miti. Omba miti 30, na ichaguliwe na mpwa, si wewe, ila kwa sharti moja: iwe ya umri na ukubwa unaofanana na miti mingine 30 itakayobaki mikononi mwa kijana wa siku zote. Usimwombe mwalimu aache miti bila kupulizwa kabisa ili ulinganishe. Miti hiyo itageuka kitalu cha ugonjwa, vimelea vitapeperuka hadi kwenye miti yako, na yeye atapoteza mavuno kwa ajili ya hesabu yako. Ulinganisho unaomfaa ni kati yako na anachokipata leo.

Kati ya pande hizo mbili acha angalau safu moja ya miti isiyohesabiwa kwa yeyote. Vumbi la salfa halijui mpaka. Hata miti ikiwa imepandwa kwa mita 12 kwa 12 kama inavyoshauriwa, upepo mdogo tu unalivusha. Kwenye mashamba ya zamani, ambako matawi yameshikana juu na hakuna safu ya kueleweka, acha nafasi kubwa zaidi na ufunge utepe kwenye kila mti wa pembeni ili mpaka ujulikane.

Miti 30 haikutajwa kwa kubahatisha. Ukizidisha kwa gramu 250 unapata kilo 7.5 kwa mzunguko, na mizunguko mitatu ni kilo 22.5. Mfuko ni kilo 25. Mwalimu anakukabidhi mfuko mmoja ambao haujafunguliwa, na kila baada ya mzunguko mpwa anaupima kwenye mizani ya dukani au ile ya kuning'iniza. Baada ya mzunguko wa kwanza usomeke kilo 17.5, baada ya wa pili 10, baada ya wa tatu 2.5. Hizo mbili na nusu anarudishiwa mkononi. Mwenye shamba aliyeko mjini anapigiwa picha ya mizani tu, na ameshapata jibu la swali lililomnyima usingizi. Ingekuwa miti 50, ungehitaji mfuko mmoja na nusu, mifuko miwili iliyofunguliwa, na maelezo marefu.

Mzani hautasoma 17.5 kamili, na usiahidi hivyo. Miti mikubwa inakula zaidi, midogo kidogo. Kubalianeni mapema kwamba nusu kilo juu au chini ni sawa. Ili usitoke nje ya hapo, usijaze tangi la bloa kwa kukisia. Pima kilo 2.5, mimina, puliza miti kumi. Salfa ikiisha kwenye mti wa saba, umefungua mno au unatembea polepole. Ikibaki nyingi baada ya wa kumi, kinyume chake. Rekebisha mlango wa tangi kabla ya miti kumi inayofuata. Kosa linalovuruga hesabu hii mara nyingi ni salfa iliyolala sakafuni, ikashika unyevu na kuwa mabonge: bloa inatoa kwa kwikwi, mti mmoja unapata wingu na mwingine hewa tupu. Ndiyo sababu unaukagua mfuko mbele ya mpwa kabla ya kuupokea. Ukikuta mabonge, kataa, au chekecha kwanza.

Halafu kalenda. Salfa inakinga, haiponyi shada lililokwisha kushambuliwa, na machipukizi mapya yanatoka kila wiki. Ndiyo maana mzunguko unarudiwa baada ya siku 14. (Kwa dawa za maji nafasi ni kama siku 21, na kila kitu hapa kitabadilika, kuanzia mfuko hadi tarehe.) Jaribio linaanza mashada ya kwanza yanapochomoza, mara nyingi Juni au Julai kutegemea shamba. Mzunguko wa kwanza siku ya 1, wa pili siku ya 15, wa tatu siku ya 29, kuhesabu siku ya 43. Wiki sita zinatosha. Lakini mazungumzo yafanyike Aprili au Mei, wakati watu wako kwenye palizi na kupogolea. Mpulizaji anayependekeza jaribio Agosti maua yakiwa meupe anajipangia kushindwa. Kazi hiyo ni afadhali kuikataa, hata kama hana pesa.

Bei ya jaribio iwe juu kidogo kuliko ya shamba zima, na sababu isemwe waziwazi. Bodaboda ya kukufikisha Newala na bloa haijui kama unakwenda kupuliza miti 30 au 280. Tuseme 1,000 kwa mti badala ya 800. Miti 30 kwa mizunguko mitatu ni shilingi 90,000. Ziada ya 200 kwa mti, yaani 18,000 kwa jumla, itakatwa kwenye kazi kubwa akiendelea. Asipoendelea, imekulipia safari. Malipo yagawanywe mara tatu, 30,000 kila mzunguko, kwa simu, mara tu mpwa akishatuma picha ya mizani. La kwanza unaweza kuliomba asubuhi ileile kabla ya kuwasha mashine, maana mafuta yanataka fedha.

Kipo kifungu kinachobishaniwa sana: je, malipo ya mwisho yategemee matokeo? Yasitegemee. Ukifunga 30,000 kwenye idadi ya mashada, siku ya kuhesabu itakuwa siku ya kugombana. Yeye ataona unga kwenye kila ua na wewe hutauona hata mbele ya pua. Badala yake mpe haki ya kusimamisha. Mwalimu akisema "basi" baada ya mzunguko wowote, hadaiwi kitu zaidi. Hapo hasara yake inajulikana tangu mwanzo: ikienda vibaya tangu mzunguko wa kwanza, ni shilingi 30,000 na kilo saba na nusu za salfa. Kiasi hicho anaweza kukitamka kwa sauti bila kuogopa, na ndicho kinachomfungua mtu anayesita.

Maelezo yote yaingie kwenye ujumbe mmoja ambao mpwa pia ataupata. Kwa mfano:

"Shikamoo mwalimu. Kama tulivyozungumza: miti 30 aliyochagua mpwa wako, mizunguko mitatu, kila baada ya siku 14. Salfa ni mfuko wako mmoja wa kilo 25. Kila mzunguko utapungua kilo 7.5, ukizidi au kupungua nusu kilo. Mpwa atapima na kukutumia picha. Malipo ni 30,000 kila mzunguko. Unaweza kusimamisha wakati wowote bila deni. Siku ya 43 mimi na mpwa tutahesabu mashada pande zote mbili. Upande wangu ukiwa na mashada yenye unga nusu ya upande wa pili au chini ya hapo, naomba mzunguko wa nne na wa tano kwa shamba zima kwa 800 kwa mti, na 18,000 itapunguzwa. Jaribio hili ni la ubwiri unga tu, mbu wa mikorosho hayumo."

Sentensi ya mwisho ndiyo watu husahau, na ndiyo inayowaumiza. Salfa haiui mbu wa mikorosho, mdudu anayeshambulia vikonyo na machipukizi. Akiingia siku ya thelathini, mashada yatanyauka na mwalimu atasema salfa yako haifai. Kwa karibu tofauti inaonekana. Ubwiri unga huacha poda nyeupe au ya kijivu juu ya vichipukizi na maua, ukifuta kwa kidole inatoka, na maua yanakauka kahawia bila kufunguka. Mbu huacha vidonda virefu vyeusi kwenye vikonyo na vijiti vichanga, pengine vinatoa utomvu, na chipukizi linakufa kuanzia ncha. Ukiviona, piga picha siku hiyohiyo na umjulishe mwenye shamba aamue dawa ya wadudu. Usisubiri siku ya kuhesabu ndipo uanze kumtaja mbu, itasikika kama kisingizio.

Kuhesabu kwenyewe si kutembea shambani na kusema "naona ni nzuri". Kabla ya mzunguko wa kwanza, mpwa anafunga utepe kwenye miti 6 ya kila upande, na mnahesabu kwa mara ya kwanza ili kujua kila upande ulianzia wapi. Ikiwa upande mmoja tayari una unga mwingi kuliko mwingine, hamisheni mpaka au chagueni miti mingine. Kwenye kila mti wa utepe mnachukua mashada matano mashariki, matano magharibi, matano kaskazini, matano kusini, mnavyoyakuta, bila kuchagua. Ni mashada 20 kwa mti, 120 kwa kila upande. Mpwa anataja, wewe unaandika, na mkibishana juu ya shada moja mnaliandika kuwa na unga. Ukishinda kwa kubishana hujashinda.

Tuseme siku ya 43 upande wako una mashada 24 yenye unga kati ya 120, na upande wa pili 60. Nusu ya 60 ni 30, na 24 ni chini ya hapo, basi sharti limetimia. Ingekuwa 40 kwa 60, bado umefanya vizuri kuliko kijana wa siku zote, ila hukufika mstari mliouweka. Sema hivyo mwenyewe kabla hujaulizwa, kisha angalieni mizani na daftari la saa. Mara nyingi jibu liko humo. Salfa hushika vizuri alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umelala. Mzunguko ulioanza saa tatu asubuhi kwa sababu bodaboda ilichelewa utaonekana kwenye maua. Mvua iliyonyesha usiku uleule wa kupuliza nayo huosha. Andika saa ya kuanza na kumaliza kila mzunguko. Daftari hilo linakulinda na pia linakushitaki.

Kuna jambo moja ambalo hakuna anayelipanga, ila hutokea karibu kila mara. Kijana wa siku zote anasikia kwamba anashindanishwa. Ghafla anaamka saa kumi na moja, anatia salfa mara mbili, na upande wake unang'aa kuliko miaka yote. Usimlaumu, ungekuwa yeye ungefanya vivyo hivyo. Omba tu tangu mwanzo mifuko ya pande zote mbili ipimwe. Ikiwa miti yake 30 imekula kilo 14 kwa mzunguko, mwalimu ataona bei ya usafi huo, na ataona pia kwamba salfa ilikuwepo siku zote.

Jingine ni kuongezewa kazi kidogo kidogo. "Pitishia na hiyo mitano ya nyumbani." Mpwa anaomba kwa nia njema, na kukataa kunaonekana ni uchoyo. Lakini miti mitano ni kilo 1.25 kutoka kwenye mfuko unaopimwa, na picha ya mizani itakayofika Mtwara itaonyesha 16.25 badala ya 17.5. Mwalimu hataona miti mitano ya nyumbani. Ataona kilo moja na robo iliyopotea, ugonjwa uleule wa msimu uliopita. Jibu linalofaa ni, "Kaka, nitaipuliza, ila itolewe salfa nyingine na tumwandikie mwalimu kwanza."

Jaribio hili halithibitishi kilo za korosho, na usikubali kulivuta hadi huko. Kati ya shada safi na korosho ya daraja la kwanza ghalani kuna upogoleaji, mbu, mvua za kuchelewa, na uokotaji wa kila siku kabla ya korosho kulala chini ikaingia unyevu. Mwalimu akisema, "Ngoja tuone mavuno," mweleze kwamba mavuno yataanguka Oktoba na kuendelea, wakati mizunguko ya nne na ya tano ilitakiwa kufanyika kati ya Julai na Septemba. Akisubiri, hana tena cha kuamua msimu huu.

Siku ya kuhesabu usiondoke bila kuitaja kazi inayofuata. Miti 280 kwa mizunguko miwili kwa 800 ni shilingi 448,000; toa 18,000, inabaki 430,000. Salfa itakayohitajika ni kilo 140, yaani mifuko mitano na kilo 15 za mfuko wa sita, na zile kilo 2.5 zilizorudishwa unazihesabu humo. Mzunguko wa nne unaangukia siku hiyohiyo ya 43, siku 14 baada ya wa tatu, kwa hiyo mwalimu awe na mifuko shambani kabla hamjaanza kuhesabu, iwe ataendelea nawe au na kijana wake. Pulizeni alfajiri ile miti 30 ikiwa mmekubaliana, au hesabuni jana yake jioni. Akisema hapana, mwachie mpwa nakala ya daftari, na mwombe asifungue utepe kwenye ile miti 12 mpaka korosho zianze kuanguka.